Shilingi 300 kwa siku: shajara ya tangazo la mabuyu na achari kutoka Malindi

6 Septemba 2025. Kabla ya kulipa chochote

Shangazi yangu anapika mabuyu na achari ya maembe nyumbani kwake Barani, Malindi. Wateja wake ni majirani, watu wa msikitini, na wale wanaoona picha zake kwenye status ya WhatsApp. Anataka kuuza mpaka Mombasa na Nairobi, na kazi ya matangazo ya kulipia kwenye Facebook na Instagram ameniachia mimi. Naandika humu ili mwenye biashara ndogo kama hii aone pesa ilikwenda wapi na ilirudi na nini.

Hesabu tuliyoanza nayo ni ya furushi moja, yaani kilo moja ya mabuyu na chupa moja ya achari ya nusu kilo. Tunaliuza shilingi 1,000. Mabuyu, sukari, maembe, mafuta, viungo, gesi, chupa na mfuko vinakula 560. Zinabaki 440. Nauli ya mzigo analipa mteja: 250 Nairobi na 150 Mombasa, na hapa Malindi mjini anapelekewa na boda kwa 100. Kwa hiyo tangazo likinigharimu zaidi ya 440 kumpata mnunuzi mmoja, tunawalipa watu watule. Namba hiyo nimeiandika kwenye jalada la daftari kabla ya kufungua akaunti, maana ukiisha kuona vidole gumba vinapanda ni rahisi kuisahau.

Bajeti ni 300 kwa siku. Juu yake kuna VAT ya asilimia 16, kwa hiyo ukweli ni 348 kwa siku na 2,436 kwa wiki. Hesabu zangu zote za gharama zitakuwa na VAT ndani, isipokuwa bei ninazozisoma kwenye ripoti ya Meta yenyewe. Wengi huiacha nje, halafu wanashangaa M-Pesa imeishaje.

Akaunti ya matangazo nimeifungua kwa shilingi ya Kenya na saa za Nairobi. Vitu hivyo viwili vichague kwa makini siku ya kwanza, kwa sababu ukitaka kuvibadilisha baadaye unalazimika kufungua akaunti nyingine. Malipo ni kwa kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, ile isiyo ya kushika mkononi.

10 Septemba. "Boost post" na vidole gumba 212

Nilianza na njia fupi. Nilichukua picha ya mabuyu iliyokuwa tayari kwenye ukurasa, nikabonyeza Boost post, nikaacha lengo lililopendekezwa, nikaweka siku tatu. Gharama: 1,044.

Tulipata vidole gumba 212, maoni ya "mate yananitoka" na meseji tatu. Oda hakuna. Shangazi alitazama simu yangu akauliza, "Hawa wote mia mbili hawana meno?"

Meno wanayo. Mfumo ulifanya kile hasa nilichouagiza. Lengo lilikuwa watu waitikie posti, na Meta, wenye Facebook na Instagram, inawajua watu ambao mkono wao ni mwepesi wa kubonyeza kidole gumba, basi ikawatafuta hao. Anayebonyeza na anayenunua mara nyingi si mtu mmoja. Ukitaka meseji, agiza meseji, na tofauti hiyo inaanzia kwenye lengo kabla ya picha na maneno. Hata kwenye Boost lengo linabadilishwa, ila mimi nimehamia Ads Manager, ukurasa wa Meta wa kupanga matangazo, kwa sababu kule naweza kuweka matangazo mawili ndani ya bajeti moja na kuona kila moja limekula kiasi gani.

13 Septemba. Kupanga upya, na ujanja wa meseji ya kwanza

Ads Manager ina ngazi tatu. Kampeni ndiyo yenye lengo. Chini yake kuna kundi la matangazo lenye walengwa na mahali (bajeti unaweza kuiweka huku au kwenye kampeni). Na mwisho tangazo lenyewe, yaani picha na maneno. Nimeweka kampeni moja, kundi moja, matangazo mawili. Kwa 300 usifungue makundi matatu ya walengwa. Kila kundi litapata shilingi mia, na hakuna hata moja litakalokusanya watu wa kutosha kukuambia kitu.

Lengo ni Engagement, ila safari hii kwa meseji badala ya vidole gumba, na mahali pa kumpeleka mtu ni WhatsApp. Walengwa ni Kenya nzima, miaka 22 na kuendelea, bila kuchagua mapendeleo yoyote. Tangazo A ni video ya sekunde 15: sufuria, sukari nyekundu inatoa mapovu mazito, mabuyu yanamiminwa, mwiko unageuza mpaka kila mbegu inavaa rangi na kuanza kung'aa. Bei haikutajwa. Tangazo B ni picha ya kawaida kabisa ya furushi juu ya mkeka, na maneno: "Mabuyu kilo 1 na achari nusu kilo, 1,000. Kutuma Nairobi 250, Mombasa 150."

Sehemu ninayotaka uinakili ni hii. Mtu akibofya tangazo, WhatsApp inafunguka na meseji imeshaandikwa, yeye anabonyeza kutuma tu. Maneno hayo unayapanga wewe, na kila tangazo linaweza kuwa na yake. Ya A ni "Habari, naomba bei ya mabuyu." Ya B ni "Habari, nataka furushi la 1,000." Meseji ikiingia, shangazi anajua imetoka wapi bila kuuliza. Katika WhatsApp Business anaibandika lebo, na usiku mimi naihamishia kwenye daftari: tarehe, A au B, mji, ameuliza nini, amelipa au hajalipa. Yule ambaye meseji yake haifanani na hizo mbili anaulizwa "umetuona wapi?", kwa sababu kila wiki kuna oda tatu nne za status ambazo zingekuja hata bila tangazo, na sitaki kulipa tangazo sifa zisizo zake.

21 Septemba. Wiki ya kwanza kamili: tangazo la bei rahisi ndilo lililotula

Tangazo lilikwenda Jumapili ya tarehe 14 hadi Jumamosi ya tarehe 20. Kuna siku lilikula zaidi ya 300 na kuna siku lilikula pungufu. Usishtuke, mfumo unaruhusiwa kupita bajeti ya siku moja mradi wiki, Jumapili hadi Jumamosi, isizidi mara saba ya bajeti hiyo. Ndiyo sababu napima kwa wiki nzima.

Bajeti haikugawanywa sawa. Mfumo uliona mapema kwamba A inaleta meseji kwa urahisi, ukailisha: A ilipata 1,760 na B ikaachiwa 340. Kwenye safu ya Messaging conversations started, A ina mazungumzo 44, kila moja shilingi 40. B ina manne, kila moja 85. Mtu akisoma ripoti hiyo peke yake atazima B asubuhi hiyo hiyo.

Daftari linasema vingine. Watu 44 wa A walinunua mafurushi matatu. Wanne wa B walinunua mawili. Ukiweka VAT, oda moja ya A imegharimu 680 na ya B 197. Meta haikunidanganya hata kidogo. Nilinunua mazungumzo, na mazungumzo nimepewa. Malipo ya M-Pesa hayapiti kwenye mfumo wao, hivyo kwa upande wao mtu aliyeuliza bei akanyamaza na mtu aliyelipa wana uzito mmoja.

Nilipozisoma meseji za A moja moja, kisa kilikuwa kilekile. "Bei?" Shangazi anajibu 1,000. "Niko Kakamega, kutuma?" Hapo mzigo unapanda basi mpaka Nairobi, unapokelewa, unapanda gari jingine, na nauli mbili zinakaribia nusu ya bei ya furushi. Kimya. Eldoret hivyo hivyo, Kisumu hivyo hivyo. Video ilivutia macho ya watu ambao hata wakitaka kununua, mzigo wenyewe haufiki kwao kwa bei ya maana. B iliwachuja kabla hawajabofya, kwa kuwa nauli ilikuwa imeandikwa pale na miji miwili tu ndiyo iliyotajwa.

Lakini sitangazi mshindi kwa oda mbili. Mtu mmoja angebadili mawazo, B ingekuwa na oda moja ya shilingi 394. Nachosema ni kwamba B inastahili wiki yake peke yake. Wiki hii kwa jumla: gharama 2,436, oda tano, faida kabla ya tangazo 2,200. Hasara ni 236.

24 Septemba. Kadi

Nilitaka kuiwasha B mpya tarehe 21. Haikuwaka. Meta haikati pesa kila siku. Inaacha deni likusanyike mpaka lifike kiwango fulani au tarehe ya bili, ndipo inavuta. Ilipovuta, M-Pesa ilikuwa imebaki na shilingi themanini, kwani shangazi alikuwa amenunua sukari asubuhi hiyo. Malipo yakakataliwa, akaunti ikasimama, na kwenye ukurasa wa malipo kukawa na deni lenye maandishi mekundu.

Marekebisho ni mepesi: weka pesa, lipa deni kwa mkono pale pale, halafu rudi uhakikishe tangazo lenyewe linaonyesha Active. Sasa pesa ya tangazo inakaa kwenye laini nyingine isiyonunua sukari. Wiki hii nimeiacha ipite bila tangazo ili nianze Jumapili, nisije nikapima kipande cha wiki.

Kipindi hiki nimepata nafasi ya kuangalia saa. Meseji nyingi za wiki iliyopita ziliingia kati ya saa mbili na saa tano usiku, na shangazi hulala saa tatu. Wote watano walionunua ni watu waliojibiwa papo hapo. Waliojibiwa kesho yake asubuhi, hakuna hata mmoja. Nilitaka tangazo lizimike lenyewe usiku, lakini kwenye akaunti yangu chaguo hilo linakuja na bajeti ya kipindi kizima badala ya ya siku, na sikutaka kubadilisha vitu viwili kwa mpigo. Tukaweka majibu ya kiotomatiki kwenye WhatsApp Business: bei, nauli ya kila mji, namba ya till, na "mzigo unaondoka kesho jioni". Baada ya saa tatu simu nakaa nayo mimi.

5 Oktoba. B peke yake, 28 Septemba hadi 4 Oktoba

Mabadiliko ni mawili, na yote yanatokana na daftari: A imezimwa, na mahali ni Nairobi, Mombasa na Malindi badala ya Kenya nzima. Maneno ya B hayakuguswa isipokuwa kuongeza boda ya Malindi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa chungu. Zungumzo moja lilifika shilingi 150, na dada yangu aliyeko Mombasa akanipigia: "Rudisha ile video, kila mtu aliipenda." Ukitazama ile 40 ya zamani, mkono unawasha. Sikugusa, kwa sababu kila ukibadilisha picha, walengwa au ukiongeza bajeti kwa kishindo, mfumo unaanza kujifunza upya. Meta inahitaji kama matokeo 50 ndani ya siku saba kwa kundi moja ili itoke katika hatua ya kujifunza. Mimi kwa 300 napata kama ishirini. Basi alama ya Learning limited itakaa pale daima, na haina dawa kwa bajeti hii. Maana yake ni kwamba bei itarukaruka siku hadi siku, kwa hiyo siku moja mbaya si habari.

Mwisho wa wiki: mazungumzo 20, wastani wa shilingi 105. Oda tisa. Oda moja imegharimu 271. Faida baada ya tangazo ni 1,524.

Yaani mazungumzo yamepanda bei mara mbili na nusu na bado tumepata pesa. Dada nimemtumia hizo namba mbili, hajajibu.

Mzigo mmoja wa Nairobi ulifika na chupa imevunjika, mafuta ya achari yakaingia kwenye mabuyu. Ofisi ya mabasi ilisema ndivyo ulivyopokelewa. Tulituma mwingine bila malipo: 560 na nauli 250, jumla 810, na hiyo ninaitoa kwenye faida, si kwenye gharama ya tangazo. Zimebaki 714. Tangu hapo achari inaingia kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, limefungwa mfuko wake peke yake.

19 Oktoba. Marudio, na kosa la kulinganisha wiki

Wiki ya 12 hadi 18 Oktoba niliwasha kitu kile kile bila kubadili hata nukta. Nilitaka kujua kama zile tisa zilikuwa bahati.

Mazungumzo 17, oda sita, kila oda 406. Faida 204. Ukiona tu kutoka 271 hadi 406 utasema picha imechoka, watu wameiona mno. Nilikagua safu ya Frequency, inayoonyesha mtu mmoja ameliona tangazo mara ngapi kwa wastani, nayo haijafika mbili. Kwa miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa, shilingi 300 haiwezi kuwachosha watu.

Jibu lilikuwa kwenye safu ya "ameuliza nini". Mara nne imeandikwa "mwisho wa mwezi inshallah". Wiki ya oda tisa iliangukia mishahara. Hii imeangukia katikati ya mwezi, mifuko mitupu. Hata ile wiki ya kwanza ya A na B ilikuwa katikati ya mwezi, kwa hiyo sehemu ya hasara yake huenda haikuwa ya video wala ya Kakamega. Wiki hulinganishwa na wiki ya mahali pake katika mwezi. Wiki mbili za B kwa pamoja ni oda 15 kwa 4,872, sawa na 325 kwa oda.

Nilipompelekea shangazi hesabu hiyo alivaa miwani, akapitisha kidole chini ya 560, akauliza, "Na mkono wangu uko wapi hapa, mwanangu?" Haukuwemo. Sukari imo, gesi imo, asubuhi nzima ya kukoroga haimo. Tumekubaliana shilingi 100 kwa furushi, kwa hiyo zinazobaki si 440 tena, ni 340. Kwa kipimo hicho wiki mbili za B zimeacha 228, kabla ya kutoa ile chupa iliyovunjika. Ukiitoa, ni hasara ya 582. Na ukirudi nyuma mpaka Boost, nimetumia 8,352 kwa oda 20, nazo kwa 340 kila moja zimeleta 6,800.

Upande wa pili wa daftari kuna watu wanne walionunua kwa tangazo na wakarudi wenyewe kuagiza tena, bila kubofya chochote. Hao ni 1,360, na nimewahesabia tangazo lililowaleta kama sifa yake, maana bila hilo wasingekuwa na namba yetu. Wote wanne ni wa B, na watatu wako Mombasa, ambako nauli ni 150.

Kwa hiyo hatua inayofuata ni Mombasa na Malindi tu, Nairobi nje, tangazo lile lile, 26 Oktoba hadi 1 Novemba, wakati wa mishahara. Kikomo nimekiandika kabla ya kuwasha: ikifika Jumatano usiku bila oda tatu, nazima. Bei ya furushi inabaki 1,000 ili nisichanganye mambo. Shangazi anataka iwe 1,100, na hilo ni jaribio la Novemba.